Neno linalosikika mara moja

Mabishano yetu kuhusu istilahi za Kiswahili huwa yanaanzia pabaya. Mtu anataja tarakilishi, mwingine anacheka na kusema kompyuta inamtosha, wa tatu anakuja na rununu, na kabla jioni haijaisha tumegawanyika makundi mawili: wanaotaka lugha safi na wanaotaka lugha inayoeleweka mtaani. Ni mabishano matamu, ila hayana madhara makubwa. Ukiita tarakilishi au kompyuta, mashine ipo mezani mbele yetu na sote tunaiona. Hakuna anayeweza kukosea kwa sababu ya jina.

Ninataka kuuliza swali tofauti. Vipi kuhusu neno ambalo msikilizaji atalisikia mara moja tu, halafu papo hapo aamue jambo kwa kulitegemea? Neno ambalo hatapata nafasi ya kulizoea, wala kitu chenyewe hakionekani kwa macho? Hapo kuunda istilahi kunaacha kuwa suala la ladha, kunakuwa suala la haki. Mfano ninaoufahamu wa karibu kuliko yote unatoka hapa kwetu Korogwe.

Mwaka 2007 watoto wa Korogwe, pamoja na wenzao wa Kilifi nchini Kenya, waliingizwa katika utafiti wa chanjo ya malaria inayoitwa RTS,S. Upande wa Tanzania kazi hiyo ilifanywa na NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Watoto walikuwa 894 kwa jumla, wa umri wa miezi 5 hadi 17. Nusu yao walipewa chanjo ya malaria iliyokuwa ikijaribiwa, nusu nyingine wakapewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Aliyeamua mtoto yupi apate ipi hakuwa mzazi wala daktari, bali mpangilio uliotengenezwa usiweze kubashiriwa. Baadaye, kati ya 2009 na 2014, ukafuata utafiti mkubwa zaidi katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na Korogwe ikawa tena mojawapo, sambamba na Bagamoyo. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wanaoishi kwenye malaria ya kiwango cha kati hadi cha juu.

Sasa jiweke mahali pa mzazi. Umetoka Old Korogwe au kijiji cha ndani zaidi, mtoto yuko mgongoni, mbele yako kuna karatasi ya ridhaa. Ili uridhie kweli inabidi uelewe mambo matatu: kwamba kuna makundi mawili, kwamba hakuna anayechagua mwanao aende kundi gani, na kwamba chanjo hiyo hata ikifanya kazi haitazuia malaria yote. Mambo hayo matatu yana majina kwa Kiingereza, na waliosoma sayansi wanayajua: kontroli, randomaizesheni, efikasi. Kwa Kiswahili tutayaitaje? Maneno nitakayoyapima hapa ni yale yanayozunguka vitabuni na midomoni mwa wasomi wetu, pamoja na mengine ninayoyapendekeza mwenyewe. Siyo nakala ya karatasi za utafiti ule.

Tuanze na kundi la pili, lile la chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtu aliyezoea neno kontroli hutafsiri upesi: kundi la udhibiti. Na kwa msomi mwenzake neno hilo linapita bila kikwazo. Analisikia, kichwani anarudi kwenye kontroli, anatikisa kichwa, kazi imekwisha. Lakini udhibiti kwa Kiswahili cha watu ni nini? Ni polisi kudhibiti magendo, serikali kudhibiti bei, wizara kudhibiti kipindupindu. Mzazi akiambiwa mwanao yuko kwenye kundi la udhibiti, ana haki kabisa ya kuelewa kwamba mtoto huyu ndiye atakayelindwa, kwamba malaria yake ndiyo itakayodhibitiwa. Yaani anaelewa kinyume. Mtoto wa kundi hilo ndiye asiyepata chanjo ya malaria.

Hili si kosa dogo la tafsiri. Tazama lilivyojificha. Kwenye tafiti kuna desturi nzuri ya kukagua tafsiri: karatasi ikishaandikwa kwa Kiswahili, anapewa mtu mwingine airudishe kwenye Kiingereza bila kuona ile ya kwanza, halafu mbili zinalinganishwa. Tuite tafsiri rejeshi. Ni kipimo kinachokamata mambo mengi, namba iliyorukwa, sentensi iliyogeuzwa. Ila kwa maneno ya aina ya udhibiti kinashindwa kabisa, tena kinashindwa huku kinatabasamu. Mtafsiri wa pili naye amesoma Kiingereza. Akiona kundi la udhibiti, anaandika kontroli bila kusita. Karatasi mbili zinafanana neno kwa neno, mkaguzi anaweka tiki. Kadiri neno lilivyonakiliwa kitumwa kutoka Kiingereza ndivyo linavyofaulu mtihani huo vizuri zaidi. Na kadiri neno lilivyo Kiswahili chenyewe, ndivyo linavyoleta maswali kwenye kurejeshwa. Kwa hiyo kipimo kinawapendelea wanaojua Kiingereza dhidi ya wasiojua, ilhali karatasi iliandikwa kwa ajili ya wasiojua.

Neno ninalolipendelea ni kundi la kulinganishia. Wengine huandika kundi linganishi, nalo si baya, ingawa lina harufu ya chuo. Kulinganisha ni jambo la kila siku. Mkulima anayetaka kujua kama mbolea inafaa anaweka tuta moja na mbolea na tuta la pili bila, halafu anatazama. Bila tuta la pili hawezi kujua kama mahindi yamekubali kwa sababu ya mbolea au mvua tu ilikuwa nzuri mwaka ule. Ukisema kundi la kulinganishia, mzazi anapata papo hapo swali sahihi la kuuliza: wanalinganishwa na nani, na wao wanapewa nini? Hapo ndipo unapojibu kwamba wanapewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo ni chanjo ya kweli, inazuia ugonjwa huo, lakini malaria haiigusi. Neno zuri halimalizi maelezo. Linafungua mlango yaingie.

Jambo la pili ni gumu zaidi, kwa sababu Kiswahili kinalo neno tayari, na tatizo ni kwamba neno hilo linajua mengi mno. Randomaizesheni tunaiita upangaji wa nasibu, na kwa kuwa nasibu peke yake haisemwi sana mtaani, watu humalizia wenyewe: kwa bahati nasibu. Bahati nasibu tunaijua vizuri. Ni tiketi, ni namba, ni mshindi mmoja na wengine wote wameliwa. Kwa Muislamu mwenye kushika dini yake, na hapa kwetu hao ni wengi, ni jirani wa kamari. Sasa nesi anaeleza kwa nia safi kabisa kwamba watoto watapangwa kwa bahati nasibu. Unaweza kusikia swali linalofuata:

“Kwa hiyo, dada nesi, wangu akiangukia ile ya mbwa, ameshindwa?”

Swali hilo ni la mtu aliyeelewa vizuri kabisa neno aliloambiwa. Bahati nasibu ina zawadi, na zawadi inajulikana kabla mchezo haujaanza. Lakini mwaka 2007 hakuna aliyejua kama chanjo ya malaria ilikuwa zawadi. Ingejulikana, kusingekuwa na sababu ya kuwanyima nusu ya watoto. Kutojua huko ndiko kunakofanya upangaji ule uwe halali kimaadili. Neno linaloleta picha ya mshindi na mshinde linafuta sababu yenyewe ya kufanya utafiti, na kuacha mzazi mmoja na furaha isiyo na msingi, mwingine na kinyongo kisicho na msingi.

Kuna neno kura, na mwanzoni nililiona kama mkombozi. Asili yake Kiarabu, na maana yake ya zamani ni hiyo hiyo tunayoitafuta: kuchagua bila mkono wa mtu kupendelea. Tunasema bado kupiga kura nani aanze, nani alale kitanda cha juu. Lakini tangu uchaguzi uingie, kura kwa masikio ya wengi ni hiari: naenda kupiga kura, namchagua nimtakaye. Ukimwambia mzazi mwanao atapigiwa kura, atauliza wapiga kura ni akina nani, na wana chuki gani naye. Neno limehama nyumba. Huwezi kulirudisha kwa kuonyesha hati ya zamani ya kiwanja.

Kwa hiyo hapa naona ni bora kutokuwa na neno moja, bali kuwa na tendo. Kurusha shilingi. Kila mtoto anayekuja ni kama shilingi imerushwa kwa ajili yake: ikilala upande huu anapata chanjo hii, ikilala upande ule anapata ile. Daktari hawezi kuigeuza, chifu hawezi, mzazi mwenye pesa hawezi. Kisha sentensi ya pili, ambayo haipaswi kuachwa hata siku moja: tunarusha shilingi kwa sababu hatujui bado ipi ina manufaa, na tukichagua wenyewe tutajikuta tumewapeleka watoto wenye afya upande mmoja. Baada ya hapo ukitaka jina la kuandika kwenye kichwa cha ukurasa, andika upangaji wa nasibu, na nesi aliyesoma atajua ni ile randomaizesheni yake. Mzazi naye atakuwa na shilingi mkononi kabla hajakutana na neno.

Mpangilio huu ni muhimu kuliko unavyoonekana. Sisi waandishi tuna tabia ya kutanguliza istilahi halafu kuifafanua: upangaji wa nasibu ni utaratibu ambao kadha wa kadha. Msomaji aliyezoea Kiingereza anavumilia, maana anajua neno litaishia wapi. Asiyezoea anaingia kwenye sentensi akiwa tayari ameshaelewa kitu kingine, na ufafanuzi wote unaokuja unapambana na picha iliyokwishakaa. Tanguliza jambo, fuatiza jina. Jina lije kama mfuko wa kubebea kitu ambacho mtu ameshakishika.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niandike makala hii. Mwishoni mwa 2008 matokeo ya Korogwe na Kilifi yalitangazwa, na habari iliyosambaa ilikuwa kwamba ufanisi wa chanjo ni asilimia 53. Neno ufanisi tunalitumia kwa mambo chungu nzima: ufanisi kazini, ufanisi wa shirika, ufanisi wa injini. Ukimuuliza mtu chanjo yenye ufanisi wa asilimia 53 maana yake nini, majibu huwa ya aina mbili. Wa kwanza anasema, kati ya watoto 100 waliochanjwa, 53 hawatapata malaria na 47 watapata. Wa pili anasema, kila mtoto atapata kinga nusu, malaria ikimpata itakuwa hafifu. Yote mawili yana mantiki. Yote mawili si sahihi.

Tuzitazame hesabu zenyewe, si ngumu. Katika watoto ambao hesabu kuu iliwahusisha, 402 walikuwa wamepata chanjo ya malaria, na kwa muda wa wastani wa miezi 8 hivi, 32 kati yao waliugua malaria. Upande wa kulinganishia walikuwa 407, na walioumwa ni 66. Ziweke kwa mamia. Kwa kila watoto 100 wa upande wa kulinganishia waliumwa kama 16. Kwa kila 100 wa upande wa chanjo ya malaria waliumwa kama 8. Kutoka 16 hadi 8 ni pungufu ya karibu nusu. Ukifanya hesabu kwa makini zaidi, ukizingatia kila mtoto alifuatiliwa kwa muda gani na tofauti nyingine kati yao, nusu hiyo inakuwa asilimia 53. Na watafiti wenyewe walieleza kwamba kwa idadi ile ya watoto, ukweli ungeweza kuwa popote kati ya asilimia 28 na 69.

Angalia sasa yule aliyesema 47 kati ya 100 watapata malaria. Kiuhalisia walipata 8. Na kama hakungekuwa na chanjo kabisa wangepata 16, siyo 100. Asilimia 53 haihesabiwi kutoka kwa watoto wote, inahesabiwa kutoka kwa wale 16 ambao wangeumwa. Neno ufanisi halikudokezi hata kidogo kwamba kuna namba nyingine ya kuanzia. Linasimama peke yake kama maksi za mtihani: umepata 53, umefaulu kwa shida.

Lakini sokoni tunalo neno linalojua jambo hili toka zamani. Punguzo. Ukiambiwa kitenge kina punguzo la asilimia 50, hakuna mtu Korogwe nzima atakayenunua kabla ya kuuliza bei ilikuwa ngapi. Punguzo bila bei ya mwanzo ni maneno matupu, na kila anayekwenda gulioni analijua hilo. Kwa hiyo sema: chanjo hii ilileta punguzo la malaria la asilimia 53. Swali linajileta lenyewe, punguzo kutoka ngapi? Na jibu unalo: kutoka 16 kwa kila 100, hadi 8.

Neno hilo linasaidia pia jambo ambalo ufanisi unalificha, nalo ni muda. Punguzo la dukani lina tarehe ya mwisho. Katika ule utafiti mkubwa wa baadaye, watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi nne na kufuatiliwa kwa kama miaka minne walikuwa na punguzo la asilimia 36. Mtu aliyefikiri ufanisi ni tabia ya kudumu ya chanjo, kama uzito wa jiwe, atadhani kati ya 53 na 36 kuna aliyedanganya. Aliyefikiri ni punguzo atauliza tu: la muda gani, na kwa watoto wa wapi?

Nakiri kuwa punguzo lina mipaka yake, na ni lazima isemwe. Dukani kila mnunuzi anapata punguzo sawa. Kwa chanjo sivyo. Hakuna mtoto anayepata nusu ya malaria. Mmoja anaumwa kamili, mwingine haumwi, na punguzo linaonekana tu ukiwahesabu wote kwa pamoja. Mzazi asipoambiwa hivyo atarudi kwenye kosa lile la pili, la malaria hafifu, na kosa hilo ni la hatari kwa sababu anaweza kuchelewa kumpeleka mtoto mwenye homa kupimwa akisema huyu si alishachanjwa. Kwa hiyo punguzo linahitaji sentensi moja ya kulilinda: mtoto aliyechanjwa anaweza kuumwa malaria kamili, akipata homa apelekwe kupimwa kama mtoto mwingine yeyote, na chandarua kibaki pale pale.

Pingamizi ninalisikia likija, na ni la haki. Msomi wa tiba atasema punguzo ni neno la duka, linashusha hadhi ya sayansi, na yeye akilisoma hajui kama ni efikasi au ni kitu kingine. Upande wake una uzito. Istilahi zinatakiwa zitofautishe mambo yanayokaribiana, na wataalamu wanatofautisha nguvu ya chanjo ndani ya utafiti uliodhibitiwa na nguvu yake ikishaingia zahanati za kawaida. Jibu langu ni kwamba huyu anahudumiwa kwa gharama ndogo sana. Mwandikie mara moja tu, mwanzoni: punguzo la malaria, ambalo wataalamu huliita efikasi. Maneno manne yanamtosha, ameshapata daraja la kuvukia. Yule mwingine hawezi kuhudumiwa kwa maneno manne. Tukimpa msomi neno analolipenda halafu tukamwachia mzazi ajitafutie, tumemnyooshea njia mwenye gari na kumwacha wa miguu kwenye tope.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu anaweza kusema: mbona maneno mengi ya Kiswahili yanadanganya kwa asili yake na hayamdhuru mtu? Chanjo yenyewe inatokana na kuchanja, kukata ngozi. Siku hizi hakuna anayechanjwa kwa wembe, ni sindano, au hata matone mdomoni, na bado hakuna anayechanganyikiwa. Au chukua mfano wa mashambani kwetu. Ngombezi, Hale, kote kwenye mkonge, ile mitambo ya kukamua majani hadi zitoke nyuzi watu wanaiita korona. Neno hilo halina mzizi wowote wa Kiswahili, limekuja na jina la mashine yenyewe. Vizazi kadhaa vimefanya kazi korona bila kuuliza maana yake. Na kitivo je? Wanaisimu husema tumelichota kwa majirani zetu wa milimani, Wapare na Wasambaa, ambako ni bonde lenye rutuba. Leo ni sehemu ya chuo kikuu, na hakuna mwanafunzi anayekwenda kitivoni na jembe.

Yote kweli. Na hapa ndipo ninapoona jibu la swali letu la mwanzo. Maneno hayo yalisamehewa kwa sababu vitu vyenyewe vilikuwepo kuyasahihisha. Mama anayempeleka mtoto kliniki anaona chanjo kwa macho yake, mwezi baada ya mwezi. Mfanyakazi wa mkonge anasikia korona ikinguruma kabla hajafika getini. Neno likikosea, kitu kinalirekebisha, na baada ya muda hakuna anayesikia tena wembe ndani ya chanjo. Neno la kila siku linaweza kuwa giza, linaweza hata kuwa na uongo ndani yake, na lisimdhuru mtu.

Kundi la udhibiti halina msahihishaji huyo. Mzazi atalisikia siku moja, kwenye benchi, mtoto akilia. Hatalisikia tena. Upangaji haumwonyeshi sura yake. Asilimia 53 haionekani kwenye mwili wa mtoto hata umgeuze mara ngapi. Neno la namna hii linabeba mzigo wote peke yake, na likiupeleka pasipo, hakuna wa kuurudisha. Ndiyo maana siwezi kukubali kanuni moja kwa istilahi zote, wala ile ya walinzi wa lugha wanaotaka kila neno liwe na mzizi wa Kibantu, wala ile ya wenzetu wanaosema watu watazoea tu. Watazoea neno wanalokutana nalo tena. Kwa lile linalosikika mara moja, kuzoea hakupo kwenye hesabu.

Tunajuaje basi kama neno limefika? Siyo kwa kumuuliza mtu umeelewa? Kwa adabu zetu, swali hilo lina jibu moja tu: nimeelewa, dada. Wala siyo kwa tafsiri rejeshi pekee, tumeshaona inavyodanganyika. Kipimo kinachofaa ni kumwomba msikilizaji amweleze mtu mwingine, asiyekuwepo, kwa maneno yake mwenyewe. Mama amweleze shangazi. Kisha sikiliza mambo machache tu. Je, amesema kuna watoto hawatapata chanjo ya malaria? Je, amesema nesi hachagui? Je, amesema mtoto aliyechanjwa anaweza bado kuumwa? Yote matatu yakitoka, neno limefika, hata kama yeye hakulitaja hata mara moja. Likikosekana moja, usimlaumu mama. Rudi kwenye neno.

Na ukimsikiliza kwa makini utagundua jambo jingine: mara nyingi msikilizaji anatumia neno bora kuliko lako. Anasema la kupimia, anasema wale wa upande wa pili, anasema imepunguza. Kamusi zetu za istilahi, kuanzia vijitabu vya Tafsiri Sanifu vya BAKITA hadi kamusi za sayansi za TUKI, zimefanya kazi kubwa ya kukusanya maneno kutoka kwa wataalamu. Maneno ya benchi la nje bado yanasubiri mtu wa kuyaandika.

Linabaki swali la maadili, na nadhani limeshajijibu nusu. Anayeunda neno kwa ajili ya ridhaa ya mtu mwingine ameshika kipande cha ridhaa hiyo mkononi. Neno likielekea kinyume, sahihi au dole gumba lililowekwa chini ya karatasi ni la kweli, wino ni wa kweli, shahidi ni wa kweli, lakini kilichoridhiwa hakipo. Na mtu wa kwanza wa kuulizwa si nesi aliyesoma karatasi kama ilivyoandikwa. Ni sisi tuliokaa mezani tukachagua udhibiti kwa sababu masikioni mwetu lilikuwa linasikika kama Kiingereza.